Mraba mara tatu: kusawazisha protini na nishati katika chakula cha mitetea wanaokua

Chukua mahindi na mashudu ya soya, uyachanganye mpaka upate chakula chenye protini asilimia 16. Kisha chukua pumba za ngano na mashudu hayohayo, uchanganye tena mpaka ufike asilimia 16. Ukipeleka sampuli zote mbili maabara na kuomba kipimo cha protini peke yake, majibu yatafanana. Lakini kilo moja ya ule mchanganyiko wa mahindi inampa kuku nishati zaidi ya mara mbili ya kilo moja ya ule wa pumba.

Wengi waliofundishwa njia ya mraba, ambayo huitwa pia mraba wa Pearson, waliishia hapo. Walichora mraba mmoja wa protini, wakapata kilo za kila malighafi, wakachanganya. Hesabu yao haikuwa na kosa, ila ilijibu swali moja kati ya mawili. Mwongozo huu unafuata hesabu mpaka mwisho wake: miraba miwili ya protini, kisha wa tatu wa nishati, ili vyote viwili vitue pale unapotaka. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, chakula cha mitetea wa mayai wanaokua, kwa sababu katika umri huo kuna nafasi ya kutosha ya kucheza na pumba na mraba unaonyesha vizuri unachofanya.

Kwa nini vyote viwili vihesabiwe pamoja

Kuku hula kufuata nishati. Hali kwa uzito tu, wala kwa kutafuta protini kwanza. Akishapata nishati inayomtosha kwa siku, hupunguza kula. Kwa hiyo chakula chenye nishati nyingi kuliko ulivyokusudia kitamfanya ale gramu chache, na katika gramu hizo chache protini haitamtosha hata kama mfuko umeandikwa asilimia 16 na ni kweli. Atanenepa mafuta tumboni huku misuli na manyoya vikichelewa.

Kikiwa na nishati kidogo, mambo hugeuka. Kuku anakula zaidi ili afidie, chakula kinaisha haraka, na protini inayozidi mahitaji inavunjwa na kutolewa kama taka ya naitrojeni. Kuku naye anakunywa maji mengi, matandiko yanalowa na harufu ya amonia inapanda. Pumba zikizidi sana, utumbo unajaa kabla nishati haijatosha, na hapo hawezi tena kufidia. Anabaki mdogo.

Kwa mitetea wanaokua, lengo letu hapa ni protini asilimia 16 na nishati kilokalori 2,750 kwa kila kilo ya chakula. Wanaotumia megajuli wataiona kama 11.5. Kila mbegu ya kuku ina kijitabu chake chenye malengo yanayotofautiana kidogo kwa umri, na ukiwa nacho kitumie hicho. Hatua hazibadiliki.

Namba za kuanzia

Mraba hauna akili. Unapokea namba unazoupa na kurudisha jibu lenye desimali mbili, zuri kutazama, hata kama namba zilikuwa mbovu. Hivyo kabla ya kuchora chochote hakikisha mambo matatu.

Kwanza, nishati iwe ya mnyama husika. Kinachohitajika ni nishati tumika, yaani ile inayombakia mnyama baada ya kutoa inayopotea kwenye kinyesi na mkojo. Kuku hawezi kusaga nyuzinyuzi kama ng'ombe, kwa hiyo pumba za ngano zinazompa ng'ombe nishati nzuri kabisa zinampa kuku kilokalori kama 1,300 tu kwa kilo. Jedwali la ng'ombe ukilitumia kwa kuku, kila kitu chenye pumba kitaonekana bora kuliko kilivyo.

Pili, namba zote ziwe kwenye msingi mmoja. Majedwali mengine hutoa thamani za kitu kikavu kabisa, bila tone la maji, na mengine hutoa thamani za chakula kama kilivyo ghalani kikiwa na unyevu wake. Malengo ya kuku huandikwa kwa chakula kama kilivyo, kwa hiyo na malighafi zako ziwe hivyo. Kuchanganya misingi miwili kwenye mraba mmoja ni kosa la kimyakimya, maana hakuna mahali litakapoonekana.

Tatu, kama unaweza kupima, pima. Mashudu ndiyo yenye tofauti kubwa, kwa sababu protini na mafuta vinategemea jinsi yalivyokamuliwa na maganda kiasi gani yalibaki. Kumbuka pia kwamba maabara hupima naitrojeni kisha huizidisha kwa 6.25 na kuiita protini. Mtu akiongeza urea kwenye mashudu, kipimo hicho kitapanda, na kuku hatafaidika na chochote. Ukipata namba ya juu isiyo ya kawaida, shuku kwanza.

Kwa mfano wetu nitatumia namba hizi, kwa chakula kama kilivyo. Mahindi: protini 8.5, nishati 3,350. Mashudu ya soya: protini 44, nishati 2,230. Pumba za ngano: protini 15.5, nishati 1,300. Protini ni asilimia, na nishati ni kilokalori kwa kilo.

Hatua ya kwanza: tenga nafasi ya madini

Tunatengeneza kilo 100. Lakini si kilo zote 100 zitakuwa mahindi, soya na pumba. Kuna chokaa ya mifugo, fosfeti ya chokaa (ile inayoandikwa DCP kwenye mfuko), chumvi, premiksi ya vitamini na methionini. Hivi tuvihesabu kama havileti protini wala nishati ya maana. Kwa mitetea hawa nitenge kilo 4: chokaa 1.5, DCP 1.6, premiksi 0.5, chumvi 0.3 na methionini 0.1. Kipimo cha premiksi fuata kilichoandikwa kwenye mfuko wake. Kikitofautiana na hicho, badilisha nafasi uliyotenga.

Zinabaki kilo 96, na hizo ndizo zinazotakiwa kubeba protini na nishati ya kilo zote 100. Kwa hiyo lengo linapanda:

```
Protini: 16 x 100 / 96   = 16.67 %
Nishati: 2750 x 100 / 96 = 2865 kcal/kg
```

Kuanzia sasa sahau 16 na 2,750. Namba za katikati ya miraba ni 16.67 na 2,865. Nimeona watu wengi wakiruka hatua hii, kisha wanaongeza madini juu ya mchanganyiko uliokamilika na kushangaa kwa nini kipimo kinatoka chini. Kila kilo ya chokaa inayoingia inapunguza makali ya kilo nyingine zote.

Hatua ya pili: mraba wa mahindi na soya

Chora mraba. Kona ya kushoto juu andika protini ya mahindi, kushoto chini protini ya soya, na katikati lengo. Kisha toa kwa kukata kona: tofauti kati ya soya na lengo inaandikwa kulia juu, mkabala na mahindi. Tofauti kati ya mahindi na lengo inaandikwa kulia chini, mkabala na soya. Namba kubwa itoe ndogo, usijali alama.

```
Mahindi   8.5            27.33   (44 - 16.67)
                16.67
Soya     44.0             8.17   (16.67 - 8.5)
                         -----
                         35.50
```

Namba za kulia ni sehemu. Mahindi ni 27.33 / 35.5, sawa na asilimia 77. Soya ni 8.17 / 35.5, sawa na asilimia 23. Huu tuuite Mchanganyiko A.

Ukielewa kwa nini kukata kona kunafanya kazi, hutausahau tena. Kila kilo ya mahindi inapungukiwa pointi 8.17 kufikia lengo. Kila kilo ya soya inazidi kwa pointi 27.33. Ili upungufu na ziada vifutane, weka kilo 27.33 za kile kinachopungukiwa 8.17, na kilo 8.17 za kile kinachozidi 27.33. Pande zote mbili zinakuwa sawasawa. Kinachoitwa mraba ni mizani tu iliyochorwa kwa namna nyingine.

Sasa tafuta nishati ya Mchanganyiko A. Zidisha kila malighafi kwa sehemu yake: 0.77 × 3,350 ni 2,579.5, na 0.23 × 2,230 ni 512.9. Jumla ni 3,092. Tunataka 2,865. Protini imetua mahali pake, lakini nishati imevuka kwa kilokalori 227.

Hatua ya tatu: mraba wa pumba na soya

Tengeneza mchanganyiko mwingine wenye protini ileile ya 16.67 lakini wenye nishati iliyo chini ya lengo. Pumba za ngano zinafaa.

```
Pumba    15.5            27.33   (44 - 16.67)
                16.67
Soya     44.0             1.17   (16.67 - 15.5)
                         -----
                         28.50
```

Pumba ni asilimia 95.9, soya asilimia 4.1. Huu ni Mchanganyiko B. Nishati yake ni 0.959 × 1,300, yaani 1,246.7, ukijumlisha na 0.041 × 2,230, yaani 91.4. Inakuwa 1,338.

Hakuna mtu angempa kuku chakula hiki kama kilivyo. Tunakihitaji kwa hesabu tu: kina protini tunayoitaka na kiko chini ya lengo la nishati, wakati A yuko juu. Lengo limeshikwa katikati.

Hatua ya nne: mraba wa nishati

A ana protini 16.67. B ana protini 16.67. Ukivichanganya kwa kiasi chochote kile, nusu kwa nusu au tisa kwa moja, protini itabaki 16.67, kama vile ndoo mbili za maji yenye chumvi sawa zisivyobadilika ladha zikimiminwa pamoja. Kwa hiyo sasa una uhuru wa kurekebisha nishati bila kugusa protini. Mbinu nzima imesimama juu ya jambo hilo moja.

```
A    3092            1527   (2865 - 1338)
             2865
B    1338             227   (3092 - 2865)
                     ----
                     1754
```

A ni 1,527 / 1,754, sawa na asilimia 87.06. B ni asilimia 12.94. Katika kilo zetu 96, A inachukua kilo 83.58 na B kilo 12.42.

Zirudishe sasa kwenye malighafi halisi. Mahindi ni 83.58 × 0.77, yaani kilo 64.4. Pumba ni 12.42 × 0.959, yaani kilo 11.9. Soya iko pande zote mbili, na hapa ndipo watu husahau kuijumlisha: 83.58 × 0.23 inatoa 19.2, na 12.42 × 0.041 inatoa 0.5. Jumla kilo 19.7.

Hatua ya tano: hakiki kabla ya kugusa sepetu

Usiamini mraba uliouchora mwenyewe mpaka umeupima kwa njia nyingine. Chukua kilo ulizopata na uzihesabu upya kutoka mwanzo, bila kutazama miraba.

```
             kg     protini (kg)   nishati (kcal)
Mahindi     64.4       5.47          215,740
Soya        19.7       8.67           43,931
Pumba       11.9       1.84           15,470
Madini       4.0       0                   0
Jumla      100.0      15.98          275,141
```

Protini asilimia 16, nishati 2,751 kwa kilo. Hizo tofauti ndogo ni za kukata desimali. Kama hapa ungepata 15.2 au 2,640, kosa liko kwenye miraba, na mara nyingi ni lengo la katikati ambalo halikupandishwa au namba iliyosomwa mstari usio wake kwenye jedwali.

Mraba unapodanganya

Sharti la mraba ni moja: lengo liwe katikati ya namba mbili za kushoto. Moja iwe juu yake, nyingine chini. Lengo likiwa nje, mraba hautapiga kelele. Kwa kuwa tumezoea kutoa ndogo kutoka kubwa bila kujali alama, utapata sehemu mbili zinazoonekana halali kabisa.

Tazama mfano. Mtu anataka chakula cha kumalizia kuku wa nyama, protini 19 na nishati 3,150, kwa malighafi hizihizi tatu na nafasi ileile ya kilo 4. Malengo yaliyopandishwa ni 19.79 na 3,281. Akichora mraba wa mahindi na soya anapata mahindi 68.2 na soya 31.8, nishati 2,994. Wa pumba na soya unatoa nishati 1,440. Yote mawili yako chini ya 3,281. Asipoliona hilo, ataendelea: tofauti za 1,841 na 287, A asilimia 86.5, B asilimia 13.5. Jibu linaonekana safi. Ukilihakiki, mchanganyiko huo una nishati 2,784, na baada ya kuweka madini ni 2,673. Upungufu wa karibu kilokalori 480 kwa kila kilo, kwenye karatasi isiyo na hata futo moja.

Jibu la kweli pale ni kwamba malighafi hizo hazifiki. Pumba zitoke na kiingie kitu chenye nishati kuliko mahindi, kwa kawaida mafuta, ndipo lengo lirudi katikati. Kwa hiyo kila unapoandika namba mbili za kushoto, zitazame na useme kwa sauti: moja juu, moja chini. Ukishindwa kusema hivyo, simama.

Kuku wanaotaga nao wana ukingo wao. Chokaa ya maganda ya mayai ni nyingi, hivyo nafasi ya madini inakuwa kama kilo 10 badala ya 4. Kwa lengo la protini 16.5 na nishati 2,700, zile kilo 90 zilizobaki zinatakiwa ziwe na protini 18.33 na nishati 3,000. Mahindi na soya peke yake vinafika 3,040. Ukipiga mraba wa tatu, pumba zinapata karibu kilo 2 tu kati ya 100. Anayeweka kilo 15 za pumba kwenye chakula cha kutagia huku akitumia mahindi na soya bila mafuta, ameshusha nishati hata kama protini imetimia, na kuku wake watamwonyesha kwa kula sana na mayai kupungua uzito.

Yale ambayo mraba hauyaoni

Protini ghafi ni jina la mfuko, na ndani ya mfuko kuna asidi amino. Mitetea hawahitaji asilimia 16 ya protini yoyote tu. Wanahitaji lisini, methionini na nyinginezo kwa viwango vyake. Katika mchanganyiko wetu lisini inafika karibu asilimia 0.77, ambayo inatosha umri huo, kwa sababu soya ni tajiri wa lisini. Methionini inafika kama 0.27 kutoka kwenye malighafi, ndiyo maana nimetenga gramu 100 za methionini ya unga, zinazoipandisha hadi karibu 0.37. Ungeondoa soya ukaweka mashudu ya alizeti, mraba ungekupa protini 16 ileile, lakini lisini ingeshuka sana. Hapo lisini ya unga ingehitaji nafasi kwenye zile kilo za madini.

Nyuzinyuzi nazo zihesabu pembeni. Kwa pumba zenye asilimia 11 hivi, soya 7 na mahindi 2.2, mchanganyiko wetu unafika kama asilimia 4, na hilo halina shida. Ukiona hesabu inapita 6 au 7 kwa kuku, rudi utafute malighafi nyingine ya kushusha nishati.

Mahindi mabichi: mfano wa kurekebisha

Tuseme mahindi yaliyoletwa yana unyevu wa asilimia 18 badala ya 13 uliokuwa ndani ya namba zetu. Maji hayana protini wala nishati, kwa hiyo kila thamani inapungua kwa uwiano wa 82 kwa 87. Protini inakuwa 8.0 na nishati 3,157. Ukichanganya kwa kilo zilezile za mwanzo, protini inashuka hadi 15.7, jambo ambalo pengine usingelihisi. Nishati inashuka hadi 2,627. Ni rahisi kuona kwa nini: nishati zaidi ya robo tatu inabebwa na mahindi, ilhali protini zaidi ya nusu inabebwa na soya.

Rudia mraba wa kwanza na wa tatu. Wa pili hauguswi kwa sababu hauna mahindi ndani. A sasa ni mahindi 75.9 na soya 24.1, nishati 2,934. Kwenye mraba wa nishati, A anapata asilimia 95.7 na B asilimia 4.3. Kilo zinakuwa mahindi 69.7, soya 22.3 na pumba 4. Hakiki: protini 16, nishati 2,750. Yale maji yaliyokuja ndani ya mahindi yamekula nafasi ya pumba kilo 8 na kudai soya zaidi kwa kilo 2.6.

Lakini hesabu ikishakubali, ghala halikubali. Mahindi ya unyevu huo huota ukungu, na sumukuvu haionekani kwenye mraba wowote. Yatumie mara moja au yakaushe kwanza. Usiyahifadhi yakiwa hivyo, na usichanganye chakula cha wiki tatu kwa mahindi ya namna hiyo.

Kuchanganya, kisha kuwasikiliza kuku

Gramu 100 za methionini ndani ya kilo 100 hazitasambaa kwa kutupwa juu ya lundo. Pima vitu vidogo kwa mizani ndogo, vichanganye vyote na chokaa na DCP mpaka ziwe kilo 4 zenye rangi moja. Ongeza kilo 4 za mahindi yaliyoparazwa, geuza. Ongeza kilo 8, geuza, kisha 16. Hapo ndipo unamimina kwenye mahindi mengine, soya na pumba, na kugeuza lundo lote kutoka upande mmoja hadi mwingine mara kadhaa mpaka usione mistari ya rangi.

Baada ya hapo pima kuku. Kila wiki, siku ileile na saa ileile, chukua sampuli kutoka pembe zote za banda, pima mmojammoja, ulinganishe na uzito wa kijitabu cha mbegu. Pima pia chakula walichokula. Wakila zaidi ya kawaida na uzito ukabaki palepale, shuku nishati: pima unyevu wa mahindi na uchunguze kama pumba zilibadilika. Wakila kidogo, uzito ukawa sawa lakini manyoya ni mabovu na ukipapasa tumbo unakuta mafuta, nishati imezidi protini. Matandiko yakilowa ilhali vinyweshea havivuji, tazama kwanza kama chumvi ilipimwa sawa, kisha rudi kwenye protini.

Kila unachokigundua kina mahali pake kwenye hesabu: mahindi yakibadilika unarudia mraba wa kwanza na wa tatu, pumba zikibadilika wa pili na wa tatu, soya ikibadilika yote. Andika tarehe, namba ulizotumia na kilo ulizochanganya kwenye daftari moja, ili wiki ijayo kuku watakapokuonyesha kasoro ujue ni mraba upi wa kufungua.